Mvua Iliyotoka Chini

Kabla maji hayajapanda, tundu la bafuni lilikuwa linakoroma. Si kwa sauti kubwa. Ni kama mzee aliyelala chali chumba cha pili, anavuta pumzi, anakaa kimya, halafu anaachia. Mimi nilikuwa nimelala mchana na mjukuu kifuani, mvua imeyashika mabati ya baraza na kuyafanya yaseme neno moja tu, na ile sauti nikaingia nayo ndotoni. Nikaota niko kwetu Busunzu, marehemu mume wangu anakoroma chumbani, nami nimemkasirikia kwa sababu mahindi yanalowa uani na yeye kalala. Nikamwambia, amka wewe. Nikaamka mimi.

Hapo ilikuwa Kasulu, kwenye nyumba za watumishi. Jengo refu la ghorofa, limekaa kwenye mteremko, familia nne chini na nne juu. Binti yangu ni muuguzi, na yeye na mumewe walipewa nyumba ya chini, ya mwisho upande wa bondeni. Nilitoka kwetu Busunzu, Kibondo, kuja kumwogesha mzazi na kumshika mtoto. Ilikuwa ile miaka redio inazungumza katiba mpya asubuhi mpaka jioni, na mimi namwimbia mtoto juu ya sauti zao. Mtoto mwenyewe ana paji langu la uso na ukaidi wangu. Wale wa upande wa baba yake walisema anafanana na kwao. Waliona vibaya.

Nilipofika mlango wa bafuni maji yalikuwa yameshatoka. Hayakuruka wala hayakupiga kelele. Yalipanda polepole kwenye kile kichujio cha sakafuni, meusi, yanazunguka, yanatandaza mkono wao kuelekea korido. Yalibeba punje za wali, nywele za mtu, kipande cha gunzi, na mavi. Nasema mavi kwa sababu yalikuwa mavi. Na hayakuwa yetu, maana sisi siku hiyo tulikula ugali wa muhogo na maharage, wali hatukuupika.

Nilisimama pale kama niliyerogwa. Nje maji yanashuka kutoka mbinguni kama yalivyoamriwa, na humu ndani maji yanapanda kutoka ardhini, nami niko katikati na mtoto anayenyonya kidole. Nilijiona kama niko ndani ya chungu. Kwetu Busunzu choo kiko nyuma ya migomba, shimo ni lako, ulichotupa kinakaa na wewe. Sikuwahi kufikiri kwamba kinyesi cha mtu wa juu kinaweza kuja kunibishia hodi mimi wa chini.

Binti yangu alitoka kitandani akaniona.

"Mama, usiingie na miguu mitupu."

"Miguu yangu imekanyaga mabaya kuliko haya."

"Mama, tafadhali. Nipe mtoto hapa."

Tuliyachota kwa kopo na ndoo mpaka mvua ikakatika, na ilipokatika tu maji yalirudi chini yenyewe, yakaacha tope na harufu. Binti yangu alimwaga dawa ya klorini, akasugua sakafu huku amejifunga kanga kiunoni, na kidonda chake cha uzazi hakijapona vizuri. Mimi nilichukua beseni la mtoto, lile tunalomwogeshea palepale kwenye sakafu ya bafu, nikaliosha mara nyingi mpaka likapauka. Bado nililiona chafu.

Mkwe wangu alirudi kazini jioni. Ni mtu wa Muyama, mpole, anafanya kazi ofisi ya ardhi, viatu vyake siku zote vina tope la mashamba ya watu. Kwetu Waha mama mkwe na mkwe wake hawatazamani machoni wala hawapigani maneno. Tunaheshimiana mpaka inachosha. Akiingia sebuleni mimi napisha, nikiwa na la kumwambia namwambia binti yangu, au namwambia mtoto, naye anasikia. Siku hiyo alisimama mlango wa bafuni muda mrefu. Halafu nikamsikia nyuma ya pazia anaongea na mkewe.

"Hii ni mara ya tatu tangu mvua zianze, mbili za kwanza mama yako hajafika. Yakipanda tena humu ndani, kesho yake wewe na mtoto mnakwenda Muyama kwa mama."

"Na mama yangu je?"

"Mama atarudi Kibondo apumzike. Kule Muyama mama yangu yupo."

Baadaye binti yangu alikaa kitandani kwangu akasema, "Mama, mimi nawaona wodini watoto wanavyoharisha. Wanakauka mkononi. Siwezi kumwambia mume wangu amekosea."

Nilijua maana yake. Kule Muyama mtoto angeogeshwa na mikono mingine, angeimbiwa na sauti nyingine, na mimi ningekuwa bibi wa kuletewa picha kwenye simu. Nilimtazama amelala, midomo inacheza, anaota maziwa. Nikasema moyoni, mtoto huyu haendi kokote kwa sababu ya tundu.

Kesho yake nilianza na wa juu. Juu yetu kabisa alikaa kijana mmoja wa benki, hajaoa, redio yake haizimwi. Nilisimama uani nikamwita mpaka akatoka kwenye kibaraza na mswaki mdomoni.

"Wewe, jana ulikula wali?"

"Shikamoo bibi. Nilikula, ndiyo. Kuna tatizo?"

"Umenifikia mpaka chini."

Akacheka mpaka akapaliwa na dawa ya meno. "Bibi, mimi navuta maji tu, yanaondoka. Yakishaondoka kwangu si yangu tena."

"Ni yangu, siyo?"

"Mimi sikulichora bomba, bibi. Waulize waliojenga."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinijibu kwa adabu, na hiyo iliniudhi zaidi. Lakini ndiye aliyempigia simu mtu wa majengo, hilo namshukuru.

Fundi akaja asubuhi ya ukungu. Kasulu asubuhi nyingine ukungu unashuka mpaka uani, unaona mtu anakuja kifua na kichwa tu kama anaogelea. Alikuja hivyo, na mwenzake mmoja, wamebeba nondo, koleo na fito ndefu za mianzi zilizofungwa pamoja. "Mwakeye," akasalimia kwa Kiha, nami nikafurahi kusikia mtu wa kwetu.

"Bibi, yanapanda wakati wa mvua tu, au hata kiangazi?"

"Mvua. Mvua kubwa. Ikikatika yanarudi."

"Na choo? Au ni tundu la bafu tu?"

"Tundu kwanza. Choo kina ngazi, kimekaa juu."

Akatikisa kichwa kama mtu niliyemwambia habari za ndugu anayemfahamu. Akatupeleka uani kutuonyesha, mimi na mwalimu wa nyumba ya chini ya mwisho upande wa mlimani, mama mmoja wa Tanga, mkarimu, mwenye maneno matamu na meno ya dhahabu. Mkwe wangu naye alikuwa bado hajaenda kazini, akasimama mbali kidogo, heshima yake.

Fundi alieleza kwa kuchora chini na fito. Bomba ni moja kwa nyumba zote nane. Linaanzia kule juu karibu na mlango wa mwalimu, kwenye chemba ya juu, yaani kile kisima kifupi cha tofali chenye mfuniko ambacho bomba hupitia. Linateremka mpaka chemba ya chini, mbele ya nyumba yetu, na kutoka hapo linakwenda kwenye shimo kubwa nyuma ya uzio. Wa juu na wa chini, wa wali na wa muhogo, sote tunakutana humo.

"Sasa," akasema, "kama njia ya kutoka chemba ya chini imebanwa, siku za kawaida maji ya watu ni kidogo, yanapenya taratibu hamjui lolote. Mvua ikiingia kwenye bomba, maji yanakuwa mengi, hayana pa kwenda. Yatajaa chemba ya chini, yatatoka kwa mfuniko, yamwagike uani. Mtaona uchafu nje. Kwenu nje hamuoni?"

"Zamani tulikuwa tunaona," mwalimu akasema. "Pale pale chini. Harufu ilikuwa haikaliki. Siku hizi hapatoki kitu."

Fundi akaenda kutazama. Chemba ya chini ilikuwa imeinuliwa kwa tofali mstari mmoja, na juu yake imesakafiwa na simenti laini, nzuri, imepigwa mwiko mpaka inang'aa. Hapo ndipo wanawake wa jengo walipokuwa wanaanika muhogo, na mimi nilikuwa nakaa hapo kuota jua na mjukuu. Hata sikujua kama kuna kitu chini yake.

Fundi akaigonga na nondo. "Nani kaziba hapa?"

Mwalimu akatazama kanga yake. Kijana wa benki, aliyekuwa anachungulia kutoka juu, akaondoa kichwa. Mkwe wangu akatazama viatu vyake.

"Aliyeziba alifanya kazi nzuri," fundi akasema, bila kumtazama mtu. "Lakini maji yaliyokuwa yanatokea hapa nje sasa yanatafuta tundu lingine la chini. Chemba ya juu iko juu mlimani, hayawezi kutokea huko. Tundu la chini kuliko yote lililobaki ni bafu la bibi."

Niliona masikio ya mkwe wangu yanabadilika rangi. Nikaelewa. Ni yeye aliyeiziba ile chemba, binti yangu alinihadithia baadaye, mimba ya mkewe ilipokuwa inakataa harufu, Jumamosi nzima, kwa mapenzi. Na mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini mdomo huo haukuwa na ruhusa. Nikamgeuza mjukuu mgongoni nikamleta mbele, nikamwambia yeye.

"Mama yangu mdogo, sikia. Mwenye nyumba ana nyundo kubwa chini ya kitanda. Mimi ni mgeni, siwezi kuigusa. Ungekuwa na meno ungemwomba."

Mkwe wangu akaingia ndani, akatoka na nyundo. Akavua saa yake akaiweka dirishani. Alipasua ile simenti kwa mikono yake, fundi anamwelekeza asiuvunje mfuniko, na kila pigo lilisikika mpaka upande wa pili wa barabara kama mtu anatwanga.

Walipouinua mfuniko, fundi akazuia watu. "Rudini nyuma. Inaachwa ipumue kwanza, hewa yake inaua." Tukasimama mbali. Ukungu ulikuwa unaondoka, na ile harufu ikapanda, nzito, kama pumzi ya kitu kilichofungiwa miaka. Mtoto akapiga chafya. Mimi nikatazama na nikaona maji mazito yamekaa kimya, yana utando, na wingu limeakisiwa humo. Nisingesema ni pabaya kutazama. Palikuwa kama jicho.

Tulitegemea kuona nguo, au mzoga, au nepi za mtu. Fundi alichota kwa koleo lenye mpini mrefu na ndoo ya kamba, na kilichopanda kilikuwa mchanga. Mchanga na majivu, umekamatana na mafuta ya kupikia, mgumu kama udongo wa kufyatulia tofali. Ndoo baada ya ndoo. Akausugua kidogo kwenye glavu yake, akatazama karo la kuoshea vyombo pale uani, ambalo maji yake yanaingia chemba hiyohiyo.

"Mnaoshea nini sufuria?"

Hapo wanawake wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Kwetu sufuria haijaoshwa kama haijasuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka unajiona uso. Mke anayeweka sufuria nyeusi nje anasemwa mpaka kanisani. Nimefundishwa hivyo, nikamfundisha binti yangu, na karo lile lilikuwa na rundo la mchanga mweupe pembeni tulioagiza mtoni.

"Mchanga haupiti," fundi akasema. "Unakaa. Majivu na mafuta yanaukamata. Sugueni, lakini suuzeni kwenye beseni, tope lake mlimwage shambani. Humu msimwage."

"Fundi," mwalimu akasema, "watu wa huku wakiacha kusugua sufuria dunia itaisha."

"Nyinyi watu wa Tanga mnapika na masizi," nikamwambia.

"Tunapika na nazi, bibi. Masizi hatuyaoni kwa utamu."

Walisukuma zile fito za mianzi kwenye bomba kuelekea shimo kubwa, wanasukuma na kuvuta, mpaka kitu kikaachia. Maji ya chemba yakashuka mara moja, yanafyonzwa, na chini tukaona sakafu yake na mfereji mdogo katikati uliofinyangwa vizuri kama tumbo la mtumbwi. Fundi akapanda kwa mwalimu, akakoroga buluu ya kufulia kwenye ndoo, akaimwaga chemba ya juu. Tukainama kwenye ya chini tunangoja. Muda ukapita, kijana wa benki anauliza kama imepotea njia, halafu ikaja, buluu safi kabisa, inateleza kwenye giza lile, ikapita ikaenda. Mkwe wangu alitabasamu. Mimi niliitazama mpaka ikaisha, na siku nyingi baadaye nikifumba macho ilikuwa inapita.

Kabla ya kuondoka fundi alitoa onyo. Mfuniko wa chini urudishwe bila simenti, uzibwe pembeni kwa udongo tu, ili siku nyingine ufunguke. Na wa juu usiinuliwe kamwe mvua ikinyesha.

"Nani anainua?" nikauliza.

Mwalimu akacheka meno yake yote. "Bibi, ua likijaa maji yanaingia kwangu barazani. Tunainua kidogo na nondo, maji yanaingia humo, ua linakauka. Wote tunafanya. Tumezikuta nyumba hizi zinafanyiwa hivyo."

"Ndiyo mvua inayopanda bafuni kwa bibi," fundi akasema. "Hata nikisafisha, mkiingiza maji ya ua zima humu, bomba hili dogo haliwezi."

Akaenda zake. Tukazika ule mchanga kwenye shimo shambani tukaufunika. Mwalimu akasema, sawa, tumesikia. Lakini nilimtazama, na nilijua mtu ambaye maji yanaingia kwenye baraza lake hakumbuki ya fundi.

Mvua ikatulia siku kadhaa kama inayotafakari. Nikawa naangalia milima. Kwetu huku mvua unaiona ikitoka upande wa Burundi, inatembea juu ya vilima kama kundi la ng'ombe wa kijivu, haina haraka, unaweza kuanua nguo, kuingiza kuni, na kusali. Alasiri moja ikaja hivyo. Mkwe wangu alikuwa bado njiani kutoka kazini. Binti yangu alikuwa ananyonyesha. Nilichukua mwavuli na kigoda, nikapandisha uani, nikaweka kigoda juu ya mfuniko wa chemba ya juu, nikakaa.

Ikanyesha. Sijui nilikaa muda gani. Mvua ukikaa ndani yake peke yako inakufunga kama nyumba. Sikuona jengo, sikuona milima, niliona matone yanaruka juu ya tope na maji ya ua yanakusanyika, yanazunguka miguu yangu, ya rangi ya chai ya maziwa. Chini ya kigoda nilisikia bomba. Lilikuwa linapita tu, linasema taratibu. Nikamwona mume wangu, nikamwona mama yangu anasugua sufuria mtoni, na mimi mtoto namshikia mchanga kwenye kiganja.

Mwalimu akatoka na nondo, sketi ameikunja.

"Bibi, inuka basi kidogo. Maji yameshafika kwenye ngazi."

"Siinuki."

"Bibi, zulia langu."

"Zulia linaanikwa. Mjukuu haanikwi."

Kutoka juu kijana wa benki akapaza sauti. "Bibi, unaatamia?"

"Naatamia. Shuka nikuonyeshe kifaranga."

Mwalimu akasimama na nondo yake, analowa, hajui afanye nini na mtu mzima mwenye mwavuli. Nilimwonea huruma. Baraza lake kweli lilikuwa linajaa, na maji yale nayo yalikuwa na haki ya kwenda mahali. Nilikuwa nimeziba njia yake na sikuwa na nguvu ya kumchimbia nyingine. Ningeweza kukaa pale mvua hii, na ile nyingine, lakini siwezi kukaa juu ya chemba mpaka mtoto aanze shule.

Ndipo mkwe wangu akaingia getini, shati la kazi limeganda mgongoni. Akanitazama. Nasema alinitazama, machoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, na mimi nikamtazama, na hakuna aliyekufa.

"Mama," akasema, "maji haya yanataka kupita wapi?"

"Kule," nikamwonyesha kwa mkono, pembeni mwa jengo, kwenye uzio, ambako ardhi inainama kuelekea shamba la viazi. "Pamezibwa na tuta la maua."

Alichukua jembe barazani kwetu akaanza kukata mfereji kutoka mbele ya mwalimu, anafuata mteremko kama watu wa ardhi wanavyojua kuufuata, anapasua tuta la maua, tope linaruka mpaka kwenye miwani yake. Mwalimu akatupa nondo akaenda kuleta koleo. Kijana wa benki naye akashuka, bila viatu, suruali imekunjwa, akawa anasukuma maji kwa fagio na kuwatania wote wawili kwamba wamepata kibarua. Mfereji ulipofika kwenye uzio maji ya ua yakasita, kama yanayoangalia kama ni kweli, halafu yakaondoka kwa wingi, yakaporomoka kuelekea kwenye viazi.

Binti yangu akaniita mlangoni. Nikashuka na kigoda changu, nimelowa mpaka kwenye mifupa. Mvua ilikuwa bado inapiga kwa nguvu ileile. Nikaenda moja kwa moja bafuni nikainama juu ya tundu. Halikukoroma. Kichujio kilikuwa kikavu.

Mkwe wangu alikuja nyuma yangu, akasimama mlangoni anatiririka, akatazama naye. Kisha akaenda jikoni, nikasikia anachota maji ya moto kwenye ndoo. Akaniletea, akayaweka chini mlangoni, akaondoka bila kugeuka, kama adabu inavyotaka.

Nikaweka beseni la mtoto palepale kwenye sakafu. Binti yangu akanipa mtoto, uchi, mzito, amekunja ngumi. Nikapima maji kwa kiwiko. Nikamwogesha kichwa, shingo, mikunjo ya mapaja, namwimbia, na nje maji ya ua yanaendelea kwenda zao. Nilipomaliza nikamvika, nikainamisha beseni, na yale maji ya sabuni yakazunguka kwenye tundu, yakashuka.